Hasi Tatu

Mimi sina huruma na mtu anayekosea hesabu ile ile mara mbili, na nilimwambia Mwalimu Celestine hivyo mbele ya darasa zima. Sijutii kusema. Ninayojutia ni mengine, na nitayafikia, msinisukume.

Jina langu ni Becky Aloo. Nafundisha hesabu katika chuo kimoja hapa Kisumu, na nikisema nafundisha naongeza chumvi kidogo. Dokta Masinde ndiye mwenye somo la kalkulasi. Yeye anaongea kwenye ukumbi nusu saa, anaangalia simu, anaenda. Mimi ndiye nabaki na wanafunzi kwenye vyumba vya mazoezi, mimi ndiye nasahihisha karatasi, mimi ndiye natafuta chaki. Mkataba wangu ni wa miezi minne. Ukiisha, ama Dokta anaandika barua kwa idara kusema Madam Becky aendelee, ama haandiki, na ukikosa barua hakuna mtu wa kuuliza. Nimeishi hivyo miaka mitatu, huku majirani wa plot yetu mtaani Nyalenda wakiniita profesa.

Sasa Dokta ana tabia moja ambayo chuo kizima kinaijua. Swali la nne la mtihani wake halibadiliki. Vipeuo viwili vya pili, vyote viwili vinakua bila mwisho kadiri x inavyokua, unatoa kimoja kwa kingine, halafu unaulizwa: x ikienda infiniti, tofauti yao inakaribia namba gani? Kila mwaka ni hilo hilo. Anabadilisha tarakimu tu.

Mwaka wa kwanza Celestine Akello alipofanya mtihani huo, lilikuwa √(x² + 6x) − √(x² + 2x). Celestine aliandika mstari mmoja: infiniti toa infiniti ni sifuri. Basi. Akafunga karatasi akaenda nyumbani akijua amepita. Jibu ni mbili. Akaanguka.

Mwaka wa pili akarudia. Safari hii tarakimu zilikuwa tisa na moja: √(x² + 9x) − √(x² + x). Alikuwa amesikia kwa watu kwamba dawa yake ni kuzidisha kwa konjugeti, yaani vipeuo vile vile viwili, ila ishara ya katikati imegeuzwa, badala ya kutoa unajumlisha. Akazidisha kweli. Vipeuo vikaondoka, x² ikakatana na x², akabaki na 8x. Lakini alizidisha juu peke yake! Chini hakugawa na kitu. Kwa hivyo 8x yake ikapaa zake hadi infiniti, na yeye akaandika infiniti, akapiga mstari chini kwa rula. Jibu ni nne. Haki ya nani, nilicheka mpaka nikamwonyesha mwenzangu wa ofisini.

Chuo chetu kina sheria: ukianguka somo moja mara tatu, unatolewa. Hakuna barua ya pole, hakuna kuhamishwa. Na Celestine alikuwa amemaliza masomo mengine yote. Alikuwa mmoja wa wale walimu wanaosoma likizo, Aprili, Agosti na Desemba, shule zikifungwa. Mama wa miaka arobaini na moja kutoka Asembo Bay, anafundisha hesabu junior, sekondari ya chini, pale kwa kushikilia tu, na wakubwa wa shule walishamwambia wazi kwamba Januari anakuja mwenye digrii. Akiwa na digrii, mwenye digrii ni yeye. Akikosa, ampishe. Miaka sita ya likizo, na kilichobaki kilikuwa kalkulasi.

Hayo yote alinieleza yeye mwenyewe, Agosti, siku ya kwanza ya mazoezi. Alisimama mlangoni na kitabu chake kimefunikwa kwa gazeti kama cha mtoto wa darasa la tatu. "Madam," akasema, "mimi nimekuja unifundishe mpaka iingie."

"Mara ya ngapi hii?"

"Ya mwisho."

"Basi kaa mbele nikuone."

Na nikamwona kweli. Kila siku nilimsimamisha ubaoni. Wale wengine walikuwa vijana, wanarudia mtihani kwa sababu walilala ama walikuwa mahali wanajua wenyewe, na walikuwa wanafurahia kumcheka. Absalom, kiongozi wa darasa, kijana wa viatu vyeupe, alikuwa akimwita Mathe, yaani mama, na kumpigia makofi akikosea. Mimi sikumkataza. Niseme ukweli, mimi ndiye niliyekuwa nawachekesha.

Siku moja niliandika √(x² + 12x) − √(x² + 2x), nikampa chaki.

"Anza na kutwambia kwa nini si sifuri," nikasema. "Maana wewe ndiye uliyetuletea habari za sifuri."

Darasa likacheka. Celestine akangoja watulie.

"Kwa sababu infiniti si namba," akasema polepole. "Vyote vinakua, lakini kimoja kinakua kikiwa mbele ya kingine. Tunataka kujua kiko mbele kwa kiasi gani."

"Hiyo umekariri."

"Nimekariri, Madam. Lakini pia nimeelewa."

Akaandika. Akazidisha juu kwa √(x² + 12x) + √(x² + 2x), halafu akageuka kuniangalia, akaandika ile ile chini, herufi kubwa kubwa, Absalom akapiga makofi. Juu ikawa x² + 12x toa x² + 2x, ikabaki 10x. Chini jumla ya vipeuo. Akagawa juu na chini kwa x. Juu ikabaki kumi. Chini, ndani ya vipeuo, ikawa moja jumlisha 12/x, na moja jumlisha 2/x. "Hivi vidogo vinakufa x ikikua," akasema, "inabaki moja na moja, ni mbili. Kumi kwa mbili, tano."

Ilikuwa sawa. Mtu mwingine angesema vizuri, Mwalimu. Mimi nikasema, "Miaka mitatu. Watoto wako wa Asembo wanajua kwamba mwalimu wao anahitaji miaka mitatu kwa swali moja?"

Celestine akapangusa mikono kwa kitambaa chake. Kisha akauliza swali ambalo hakuna kijana hata mmoja pale angeuliza. "Madam, na x ikienda upande ule mwingine? Infiniti hasi?"

Nilikuwa nataka kwenda kula. Nikamjibu kwa hasira, nikiandika haraka haraka pembeni ya ubao. "Angalia. Ukitoa x² nje ya kipeuo, hupati x. Unapata x bila ishara yake. Kama x ni hasi elfu moja, x² ni milioni, na kipeuo cha milioni ni elfu moja, si hasi elfu moja. Kwa hivyo upande wa hasi, kipeuo cha x² ni −x. Hiyo ishara inaingia chini, inageuza jibu. Tano inakuwa hasi tano. Umeridhika? Haiji kwenye mtihani, usijisumbue."

"Ero kamano, Madam," akashukuru, akaandika kwenye kitabu chake cha gazeti.

Wacha sasa niwaeleze asubuhi ya mtihani.

Saa moja Dokta alinipigia simu nikiwa bado napiga mswaki. Nilipofika ofisini alikuwa amekaa juu ya meza, shati limelowa jasho. Karatasi mia mbili na kumi na mbili zilikuwa zimefungwa kwa mabunda tayari, zimetoka fotokopi jana.

"Imetoka nje," akasema.

"Nini imetoka?"

"Karatasi, Becky! Na majibu yangu. Mtu alipiga picha hapa hapa mezani. Iko kwenye simu zao zote. Absalom na wenzake wana mwakenya, vikaratasi vya majibu, mpaka kwenye soksi."

Kama chuo kingekuwa chuo, mtihani ungeahirishwa. Lakini ukiahirisha unaandika ripoti, na kwenye ripoti unasema ofisi ya nani haikufungwa. Dokta alikuwa amengoja uprofesa mdogo miaka minane. Akaninyooshea kalamu nyeusi. Maswali mengine, akasema, ni ya kuthibitisha, hata wakiwa na majibu watahangaika. Swali la nne ndilo lenye namba moja mwishoni. "Weka alama ya kutoa mbele ya infiniti. Kwa zote. Ndogo, ifanane na chapa."

Swali la mwaka huo lilikuwa √(x² + 8x) − √(x² + 2x). Kwa infiniti ya kawaida jibu ni tatu. Nikaketi nikaweka vistari mia mbili na kumi na mbili. Mkono uliuma. Kila niliyoimaliza Dokta aliirudisha kwenye bunda, na kufikia saa tatu tukawa tumezifunga tena, hakuna anayejua ila sisi wawili. Kubadilisha karatasi iliyokwisha kupitishwa na idara ni kosa la kufukuzwa kazi. Nililijua hilo, na yeye alijua nalijua.

Halafu, mnisikilize vizuri, akanipa mwongozo wa kusahihisha. Ule ule wa zamani. Hakubadilisha. Na mimi sikumkumbusha, kwa sababu sikukumbuka. Nilikuwa na karatasi hizo na za darasa lingine, na siku mbili tu. Swali la nne lilikuwa na alama sita: mbili za kuzidisha kwa konjugeti, moja ya kupata 6x, mbili za kugawa kwa x, moja ya jibu. Jibu kwenye mwongozo lilikuwa tatu. Nikapita nazo. Tatu, sita kwa sita. Tatu, sita kwa sita. Vijana wa mwakenya walikuwa wameandika hatua zote kama zilivyokuwa kwenye picha, hawakuiona hata hiyo alama ya kutoa. Wachache waliofanya wenyewe nao hawakuiona, walikuwa wamezoea swali la Dokta.

Nikafika kwenye karatasi moja yenye mwandiko wa mwalimu, herufi zimesimama wima. Konjugeti, sawa. Sita x, sawa. Kisha kwenye kugawa kulikuwa na ishara ya kutoa chini, na maelezo: "x ni hasi, kwa hivyo kipeuo cha x² ni −x." Jibu, hasi tatu. Nikazungushia kwa kalamu nyekundu, nikaandika ISHARA UMETOA WAPI? na nikampa tatu kwa sita. Mnaweza kuniamini ama msiniamini. Mkono huu uliochora vistari haukunikumbusha kitu.

Matokeo yalibandikwa Ijumaa. Kupita ni arobaini. Celestine alikuwa na kumi na mbili za majaribio ya muhula, na ishirini na saba za mtihani. Thelathini na tisa.

Jumatatu alikuja ofisini kwangu. Sikumpa kiti. Akaweka karatasi ya swali juu ya meza, akaweka na kalkuleta ya shule, ile ya kifuniko kilichofungwa kwa raba.

"Madam, sijaja kulia," akasema. "Weka x iwe hasi elfu moja. Fanya wewe mwenyewe."

Nikabonyeza ili aondoke. Milioni moja toa elfu nane, kipeuo chake 995.99. Milioni moja toa elfu mbili, kipeuo chake 999.00. Cha kwanza toa cha pili: hasi tatu na kidogo.

"Cha kwanza ndicho kidogo," akasema. "Ukitoa kikubwa kwa kidogo unapataje tatu? Hata mtoto wangu wa junior hawezi kukubali."

Ndipo nikaiona alama yangu pale kwenye karatasi. Alama tatu zilikuwa zake, arobaini na mbili, digrii, na mimi ndiye nilikuwa nimezikalia. Nikamwambia aandike malalamiko rasmi, nitazungumza na Dokta. Akashukuru. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia, "Ulinifundisha wewe. Ile siku ya njaa." Kumbe alijua nilikuwa na njaa.

Dokta aliposikia alisema funga mlango. Nikafunga.

"Jibu lake ni sahihi," nikasema.

"Najua ni sahihi, mimi si mjinga. Nikibadilisha mwongozo, watu karibu mia na themanini wanapoteza alama. Watauliza kwa nini wote waliandika tatu mahali pa hasi tatu, tena kwa hatua zile zile, mpaka na koma. Halafu watauliza alama ya kutoa ilitoka wapi, maana nakala iliyopitishwa na idara haina. Nani aliichora?"

Nikauangalia mkono wangu.

"Mkataba wako unaisha lini, Becky?"

"Tarehe thelathini."

"Basi," akasema, akaendelea kula karanga zake.

Kikao kilifanyika Alhamisi, kwenye chumba cha idara. Profesa Naeema, mkuu wetu, alikaa mwisho wa meza. Mama mwenye akili kali, lakini alikuwa anastaafu Machi na hakutaka kelele. Dokta kulia kwake. Mimi nikaandika kumbukumbu za kikao. Celestine alivaa suti ya kijani ya kanisani.

Profesa akamwambia aeleze. Akaenda ubaoni, na hakutetemeka. Akazidisha juu na chini. Akapata 6x juu. Akasema, "Sasa hapa ndipo penye mambo. Tunakwenda upande wa hasi. Nikitoa x² nje ya vipeuo vya chini, inatoka kama −x, kwa sababu kipeuo ni chanya na x ni hasi. Kwa hivyo chini ni −x mara jumla ya vipeuo viwili vinavyokaribia moja na moja. Sita x kwa −x ni hasi sita. Hasi sita kwa mbili, hasi tatu." Akaweka chaki. Kisha akasoma zile namba za kalkuleta.

"Ni sahihi kabisa," Profesa akasema. "Safi sana. Dokta?"

"Kama swali lingekuwa infiniti hasi, ningempa zote sita na kumpigia saluti," Dokta akasema, sauti tamu. "Lakini swali langu halikuwa hilo. Hii hapa nakala iliyopitishwa. Infiniti, bila alama. Hicho kistari anachokiona Mwalimu ni uchafu wa mashine ya fotokopi."

"Uchafu?" Celestine akasema. "Dokta, uchafu unakaa mbele ya infiniti, sawasawa, mahali pake?"

"Mashine zetu unazijua."

Profesa akachukua karatasi, akaisogeza karibu na miwani. Celestine akainama juu ya meza. "Geuza nyuma, Profesa, upapase kwa kidole. Imebonyea. Fotokopi haibonyezi karatasi. Hiyo ni kalamu ya mtu."

Profesa akageuza. Akapitisha kidole gumba. Nilikiona kidole kikisimama pale pale. Halafu akaiweka karatasi chini na kuniangalia mimi.

"Madam Becky. Wewe ndiye ulizifunga karatasi na kuzipeleka ukumbini. Hii ni alama ya mtu ama ya mashine?"

Hapo ndipo. Neno moja tu nilitakiwa kusema, na wote mezani walilijua. Ningesema ya mtu, swali linakuwa halali, jibu lake linakuwa sahihi, ana arobaini na mbili. Na mimi ninatoka nje na Dokta, siku moja, mlango mmoja. Celestine alikuwa ananiangalia bila wasiwasi hata kidogo. Aliniamini, mama wa watu. Hilo ndilo lilinikasirisha, msiniulize kwa nini. Nilikasirika naye kwa kuniamini.

"Ya mashine," nikasema.

Celestine akainuka pale mezani alipokuwa ameinama.

"Haya," Profesa akasema haraka. "Kama ni mashine, basi swali halikuwa wazi. Wengine wamelisoma hivi, mwingine amelisoma vile. Hatuwezi kumwadhibu mtu kwa hilo. Haki ni kulifuta swali la nne kwa wote. Alama za mtihani zihesabiwe kutoka sitini na nne badala ya sabini, kisha zipandishwe kwa uwiano. Hakuna atakayeumia. Madam, tuhesabie za Mwalimu."

Bila swali la nne Celestine alikuwa na ishirini na nne. Ishirini na nne kwa sitini na nne, mara sabini. Ni ishirini na sita na robo. Jumlisha kumi na mbili. Nilihesabu mara mbili, kwa kalkuleta yake mwenyewe iliyokuwa pale mezani, nikiomba Mungu nimekosea.

"Thelathini na nane," nikasema.

"Alikuwa na ngapi?"

"Thelathini na tisa."

Profesa alivua miwani, akasugua macho. "Pole, Mwalimu," akasema. "Lakini kanuni ikishatumika kwa wote haiwezi kumruka mmoja. Umetusaidia kurekebisha kosa, na idara inakushukuru." Akaniambia niandike hivyo, kwamba idara inamshukuru. Nikaandika.

Wale vijana wa mwakenya walishuka alama moja moja, mbili mbili, wakabaki juu ya arobaini. Absalom alipata hamsini na tatu. Dokta alipokuwa anatoka alisimama ubaoni, akatoa simu, akapiga picha kazi ya Celestine kabla sijaipangusa. "Hii imepangwa vizuri," akaniambia kwa sauti ya chini. "Iandike kwenye kompyuta. Mwaka kesho tunatumia infiniti hasi, na huu ndio uwe mwongozo."

Celestine alikuwa akiningoja chini, kando ya bomba la maji. Nilitamani kupitia mlango wa nyuma, lakini alikuwa ameshaniona. Nilidhani atanitukana. Nilikuwa nimejitayarisha, hata maneno ya kujibu nilikuwa nayo.

"Madam, nilikosea wapi?" akauliza.

"Hukukosea."

"Kwenye kazi yangu yote, hakuna mahali?"

"Hakuna."

Akatikisa kichwa, kama anavyofanya mwalimu akisikiliza mtoto. "Kama nisingelalamika, ningebaki na thelathini na tisa."

"Ndiyo."

"Bado ningeanguka."

"Ndiyo."

"Na kama ningefanya ile ya zamani? Kama nisingeuliza lile swali la upande mwingine, nikaandika tatu tu, kama wenzangu?"

Ningeweza kumdanganya, nilikuwa nimeshaanza. Lakini nilikuwa nimechoka.

"Ungepata arobaini na mbili," nikasema. "Ungepita."

Mtu alikuja akajaza mtungi, akaenda, maji yakaendelea kudondoka. Kisha Celestine akafungua mkoba wake, akatoa kile kitabu cha gazeti, akakiweka mikononi mwangu. Kilikuwa kimejaa mazoezi, kurasa zote mbili mbili, kwa mwandiko ule uliosimama wima.

"Utafundisha wengine," akasema. "Wapige kelele kama ulivyonipigia mimi, haidhuru. Lakini ile ya upande wa hasi usiwafundishe."

Akavuka barabara akaenda kutafuta gari la Asembo. Mimi nikarudi juu, kwa sababu Dokta alitaka ule mwongozo mezani kwake kabla ya saa kumi, na barua yangu alisema ataiandika akishaupata.